Kilemba, dalali na kodi inayopanda: deni la fremu huhesabiwaje?

Ukitaka fremu Kariakoo, kodi ya pango ndiyo jambo la mwisho kuzungumzwa. Kwanza kuna dalali, naye ana pesa yake ya kuonyesha, anayoichukua hata kama utaikataa fremu na kurudi nyumbani mikono mitupu. Ukiipenda, anadai kodi ya mwezi mzima kama udalali. Kisha anatokea mpangaji aliyemo ndani, ambaye hajaondoka na wala hana haraka ya kuondoka mpaka apewe kilemba. Mwenye nyumba naye, akiona mteja ni wa maana, anaweza kulegeza kamba: atarudisha hiki, atachangia kile. Siku ya kukabidhiwa funguo, pesa imeshatoka na kuingia kwa milango minne au mitano.

Kwa mwenye duka, hizo zote ni pesa za fremu. Kwa mhasibu, kila moja ina chumba chake.

Tuchukue mfano. Kampuni moja ya familia inauza vitenge, imekopa benki, na benki inataka kila mwaka hesabu zilizokaguliwa kwa viwango kamili vya kimataifa. Mama mwenye kampuni amepata fremu kwa mkataba wa miaka 5, kodi shilingi milioni 24 kwa mwaka, inayolipwa yote mwanzoni mwa kila mwaka. Siku ya kukabidhiwa funguo amelipa milioni 24 za mwaka wa kwanza. Amempa mpangaji aliyekuwemo kilemba cha milioni 10, na dalali milioni 2. Mwenye nyumba, kwa kumpenda mpangaji anayesaini miaka 5, amemrudishia palepale zile milioni 2 za dalali, na akaandika kwenye mkataba kwamba mwisho wa mwaka wa kwanza atamlipa milioni 3.45 nyingine kufidia gharama zake za kuhama kule alikotoka.

Mama anamletea mhasibu wake bahasha ya karatasi na kumwambia, "Mwanangu, jumlisha hizo zote, ndilo deni langu la fremu."

"Si zote, mama," anajibu kijana. "Humu ndani deni ni kidogo kuliko unavyodhani, na mali ni kubwa kuliko unavyodhani."

Sheria anayoifuata ni IFRS 16, kiwango kilichotolewa na Bodi ya Kimataifa ya Viwango vya Uhasibu Januari 2016 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2019. Kabla ya hapo, mpangaji wa kawaida aliandika kodi kama matumizi ya mwezi, basi. Ndege, majengo na maghala ya mabilioni yaliweza kukodishwa kwa miaka 15 bila deni hata la senti moja kuonekana kwenye mizania. Sir David Tweedie, aliyeiongoza bodi hiyo hadi 2011, alikuwa akitania kwamba anatamani kabla hajafa apande walau ndege moja iliyomo kwenye mizania ya shirika linaloirusha. Sasa mpangaji anaandika vitu viwili siku anapokabidhiwa: upande mmoja deni la pango, upande wa pili mali, yaani haki ya kuitumia fremu kwa miaka 5.

Kijana anaanza na deni, kwa sababu mali hujengwa juu yake. Swali la deni ni jembamba sana: kuanzia leo, nani bado anadaiwa nini na mwenye nyumba? Milioni 24 za mwaka wa kwanza zimeshalipwa, kwa hiyo si deni tena. Zimebaki awamu 4, za milioni 24 kila moja. Lakini milioni 24 za mwakani si sawa na milioni 24 za leo, na hapo huingia riba. Kiwango kinataka itumike riba iliyofichwa ndani ya mkataba wenyewe, ambayo mpangaji huwa haijui; akiikosa hutumia riba ambayo yeye mwenyewe angetozwa leo kukopa kiasi kama hicho, kwa muda kama huo na kwa dhamana kama hiyo. Tuseme benki ya mama ingemtoza asilimia 15. Awamu ya mwakani inagawanywa kwa 1.15 na kuwa milioni 20.87 za leo. Inayofuata inakuwa 18.15, kisha 15.78, na ya mwisho 13.72. Jumla, milioni 68.52.

Bado hajamaliza. Mwenye nyumba naye ana ahadi ya milioni 3.45 mwisho wa mwaka. Kiwango kinasema kivutio ambacho mpangaji bado anakidai kinatolewa kwenye malipo kabla deni halijapimwa. Kwa riba ileile, milioni 3.45 za mwakani ni milioni 3 kamili za leo. Deni linashuka hadi milioni 65.52.

Dalali hayumo. Kilemba hakimo. Hapa ndipo wengi hukosea, wakidhani kwamba kila pesa iliyotoka kwa sababu ya fremu lazima iwe ndani ya deni la fremu. Lakini dalali ameshalipwa na ameshaondoka zake; aliyepokea kilemba yuko mtaa wa pili anafungua duka jingine. Hakuna anayemdai mama chochote kati yao, na hata kama dalali angekuwa bado anadai, lingekuwa deni la dalali, si la mwenye nyumba.

Pesa hizo zinakwenda kwenye mali. Kiwango kinaziita gharama za awali za moja kwa moja, na kipimo chake ni swali moja: kama mkataba usingepatikana, pesa hii ingetoka? Udalali wa milioni 2 usingetoka, kwa kuwa dalali hulipwa anayemfanikisha. Kilemba kisingetoka. Zote mbili zinapita. Lakini ile pesa ya kuonyeshwa, ambayo dalali aliichukua kwa fremu tatu zilizokataliwa pamoja na hii iliyokubaliwa, ingetoka kwa vyovyote. Hiyo ni matumizi ya mwaka, pamoja na nauli za bajaji za kuzunguka Kariakoo na mshahara wa karani aliyetumwa kufanya mizunguko hiyo. Ada ya wakili inahitaji kutazamwa vizuri: kama wakili alilipwa kwa kusoma rasimu, mkataba usainiwe usisainiwe, ada yake nayo inabaki nje. Ushuru wa stempu, ambao hulipwa tu kwa sababu mkataba umesainiwa, unaingia.

Wasomaji wa mjini wanaweza kudhani kilemba ni kitu cha uswahilini tu ambacho vitabu vya London havikijui. Wanakijua. Mfano wa 13 ulioambatanishwa na IFRS 16 unamzungumzia mpangaji wa ghorofa kwa miaka 10, kodi 50,000 kwa mwaka kwa sarafu ya kubuni, aliyetumia 20,000 kuupata mkataba. Kati ya hizo, 5,000 ni za dalali, na 15,000 alilipwa mpangaji aliyekuwemo kwenye ghorofa hiyo. Kilemba hasa, ila hakikuitwa kwa jina lake. Mwenye jengo anarudisha 5,000 za udalali. Kwa riba ya asilimia 5, deni linakuja 355,391 na mali 420,391. Tofauti ya 65,000 kati ya mali na deni ni awamu ya kwanza iliyolipwa, 50,000, kuongeza 20,000 za gharama za awali, kutoa 5,000 zilizorudishwa.

Kijana anafuata njia ileile. Deni milioni 65.52, kuongeza awamu ya kwanza iliyolipwa milioni 24, kuongeza kilemba na udalali milioni 12, kutoa milioni 2 zilizorudishwa na mwenye nyumba. Mali ni milioni 99.52. Itachakazwa kwa miaka 5, karibu milioni 19.9 kila mwaka, na ndani ya hizo mna milioni 2 za kilemba.

Msomaji makini ameona kwamba mwenye nyumba alitoa vivutio viwili na kila kimoja kikapita njia yake. Milioni 2 zilizorudishwa siku ya funguo zilipunguza mali moja kwa moja, bila kugusa deni. Milioni 3.45 zilizoahidiwa zilipunguza deni, na kwa kuwa mali imejengwa juu ya deni, zikaipunguza na mali vilevile, ila kwa thamani ya leo. Kinachotenganisha ni siku ya kuanza mkataba: kilichoshapokelewa na kile kinachodaiwa. Mhasibu anayekipunguza kivutio kimoja mara mbili, kwenye deni na tena kwenye mali, atakuwa amempa mwenye nyumba ukarimu asiokuwa nao.

Kuna jambo moja linaloshangaza hapa, na kijana alimwonyesha mama kwenye karatasi. Mwaka wa kwanza deni la milioni 65.52 linazaa riba ya asilimia 15, milioni 9.83. Mwisho wa mwaka mwenye nyumba anatimiza ahadi na kulipa milioni 3.45. Deni linafanyaje? Linapanda. Mama akashtuka: "Ananilipa yeye, halafu deni langu ndilo linaongezeka?" Ndivyo, kwa sababu lilikuwa limepunguzwa tangu mwanzo kwa kuitegemea pesa hiyo. Ikishafika mkononi, hakuna tena cha kupunguzia. Deni linafika milioni 78.80, kisha mama analipa awamu ya pili ya milioni 24, na kubaki milioni 54.80.

Hiyo milioni 54.80 ndiyo inayomwambia mhasibu kama amekwenda sawa. Chukua awamu 3 zilizobaki za milioni 24, uzipime upya kwa asilimia 15 kama vile unaanza leo. Jibu ni milioni 54.80. Yasipolingana, kuna kitu kimeandikwa mahali pasipo pake, na mara nyingi ni kivutio.

Mwenye nyumba anapochangia matengenezo, mambo hayawi mepesi hivyo. Kama amelipia dari, taa au milango ya chuma ambayo itabaki kuwa yake mpangaji akiondoka, pengine hakumpa mpangaji kivutio chochote. Amejenga nyumba yake. Kama amelipia rafu na makabati ya mpangaji, hapo amembebea gharama zake. Mfano wa 13 wenyewe ulipotolewa mara ya kwanza ulikuwa na kipengele cha mwenye jengo kurudisha 7,000 za matengenezo, ukasema hazihesabiwi kuwa kivutio, lakini haukueleza vya kutosha kwa nini. Wahasibu wakabaki wanaulizana, na Mei 2020 bodi ikakifuta kipengele hicho kwenye mfano. Kukifuta hakukujibu swali. Kulizuia tu mfano usiwapoteze watu. Mpaka leo jibu hutafutwa kwenye mkataba: kazi hiyo ni mali ya nani?

Sasa kodi inayobadilika. Tuseme mkataba wa mama una sharti kwamba mwanzoni mwa mwaka wa tatu kodi itarekebishwa kufuata fahirisi ya bei za mlaji, ile inayotolewa kila mwezi na Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Kila mtu Kariakoo anajua bei zitapanda. Je, kijana akisie ni kwa kiasi gani na kukiweka kwenye deni tangu siku ya kwanza?

Hapana. Kodi inayofuata fahirisi au kiwango cha riba inaingia kwenye deni, lakini kwa fahirisi ilivyo siku ya kuanza. Hakuna kutabiri. Awamu zote zinahesabiwa kwa milioni 24, kana kwamba bei zimegandishwa, na ndiyo maana hesabu yetu ya milioni 65.52 haibadiliki hata sharti hilo likiwepo. Bodi iliona kuwa utabiri ungemgharimu mpangaji bila kumpa msomaji wa hesabu kitu cha kushika.

Mwaka wa tatu unafika. Tuseme fahirisi iliyokuwa 100 siku ya kuanza sasa ni 106, kwa hiyo kodi mpya ni milioni 25.44. Kabla ya kulipa, deni lilikuwa limefika milioni 63.02. Awamu 3 zilizobaki, moja ikilipwa leo, zikipimwa kwa kodi mpya na kwa riba ileile ya asilimia 15, zinatoa milioni 66.80. Tofauti ya milioni 3.78 inaongezwa kwenye deni na kwenye mali kwa pamoja. Faida ya siku hiyo haiguswi. Mama atauhisi uzito wake polepole, katika uchakavu na riba za miaka 3 iliyobaki. Riba haibadilishwi hata kama benki sasa inatoza asilimia 18, kwa sababu kilichobadilika ni bei za sokoni, si mkataba. Wamarekani, kwa kanuni zao wenyewe, huliacha deni lilivyo na kuandika ongezeko la fahirisi kama matumizi ya mwaka husika, kwa hiyo fremu ileile, kodi ileile, ingeonyesha deni dogo zaidi New York kuliko Dar es Salaam.

Lakini mikataba mingi ya mjini haifuati fahirisi. Husema tu kodi itapanda kwa asilimia 5 kila mwaka. Hapo neno "itapanda" huwadanganya watu wakadhani ni malipo yanayobadilika. Hayabadiliki hata kidogo: awamu ya mwaka wa tano inajulikana leo hadi shilingi ya mwisho. Yote yanaingia kwenye deni siku ya kwanza, yakiwa na nyongeza zake. Na mkataba ukisema nyongeza ni fahirisi au asilimia 5, lolote lililo kubwa zaidi, ile asilimia 5 haikwepeki, kwa hiyo inahesabiwa kuwa malipo yasiyobadilika yaliyovaa nguo za kubadilika. Kinachozidi hapo ndicho kinachosubiri fahirisi.

Aina ya tatu ni ile ya maduka ya kwenye majengo makubwa ya biashara, ambako mwenye jengo hutaka asilimia fulani ya mauzo. Hii haiingii kwenye deni kabisa, hata mpangaji akiwa na hakika kwamba atauza. Hoja ya baadhi ya wajumbe wa bodi ni kwamba mpangaji anaweza, walau kwa nadharia, kukwepa malipo hayo kwa kutouza. Kila mwezi mauzo yanapopatikana, asilimia yake inaandikwa kuwa matumizi ya mwezi ule. Kiwango kinakubali matokeo ya ajabu yanayofuata: maduka mawili yamepakana, yote yanalipa karibu milioni 24 kwa mwaka, moja kwa kodi ya kawaida na jingine kwa asilimia ya mauzo pekee. La kwanza lina deni la mamilioni kwenye mizania. La pili lina sifuri, na mali yake ya pango, kama ipo, ni kilemba na udalali tu. Benki inayosoma mizania hizo mbili bila kusoma maelezo yaliyoambatanishwa, ambako kiasi cha malipo ya aina hiyo hutakiwa kutajwa, itamwona wa pili kuwa hana mzigo.

Kwa hiyo haishangazi kwamba baadhi ya wapangaji hupenda kuandika kila kitu kwa lugha ya mauzo. Mkaguzi naye hutafuta sakafu. Sharti la "asilimia 2 ya mauzo, lakini isipungue milioni 24 kwa mwaka" lina milioni 24 zisizobadilika ndani yake, na hizo zinahesabiwa kama kodi yoyote. Kinachozidi tu ndicho kinachoachwa nje.

Tatizo ambalo mkaguzi hukutana nalo zaidi mitaani ni la karatasi. Kilemba hutolewa taslimu, mkono kwa mkono, pengine ndani ya gari, na aliyepokea hataki kuandika jina lake popote. Mama alikuwa na bahati, au busara: aliandikishana na mpangaji aliyekuwemo mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na pesa ikapita benki. Bila karatasi hiyo, milioni 10 zisingekuwa na ushahidi wa kuzibeba kwenye mali kwa miaka 5. Kuna pia wanaotaka kukiandika kilemba kama pesa ya kudai, kwa kuwa "ajaye atanirudishia." Ajaye hajulikani, hajasaini chochote na pengine hajazaliwa kibiashara. Hakuna anayedaiwa, kwa hiyo hakuna dai.

Si kila duka linatakiwa kupita njia hii. Upangaji usiozidi miezi 12 na usio na haki ya kununua unaweza kuachwa uandikwe kama kodi ya kawaida, na biashara ndogo zinazotumia kiwango chao maalumu cha biashara ndogo na za kati hazidaiwi kuweka pango la kawaida kwenye mizania. Mama asingekuwa na mkopo wa benki inayotaka viwango kamili, karatasi zake zingebaki kwenye bahasha.

Mwaka wa tano ukiisha, deni litakuwa sifuri na mali itakuwa sifuri, kilemba kikiwa kimeshachakazwa chote. Akija mfanyabiashara mwingine na kumpa mama milioni 15 ili ampishe, hakutakuwa na kitu cha kuzitolea. Zote 15 zitaandikwa mapato ya mwaka huo. Na huyo mgeni, akitoka hapo, atakwenda kwa mhasibu wake na bahasha.